E471 si nguruwe, wala si halali: kusoma orodha ya viambato kwenye pakiti

Kila Idi inapokaribia, kabla watoto hawajaanza kuhesabu siku za kwenda Makadara, ujumbe uleule huzunguka tena kwenye simu za watu wa Mombasa. Ni orodha ndefu ya herufi E iliyofuatwa na tarakimu, na juu yake pana onyo kwamba kila pakiti yenye namba hizo ina mafuta ya nguruwe. Mara ya mwisho uliponifikia, shangazi yangu wa Kibokoni alikuwa ameshauamini kiasi cha kutoa kabatini biskuti, sharubati ya unga na hata boflo la chai ya jioni, akavitia vyote kwenye karai na kuniita. Mimi si mwanachuoni. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya kiwanda cha vyakula, na ninachoweza kumwambia mtu ni kitu gani kimo ndani ya pakiti, kimetoka wapi, na pakiti yenyewe imenyamazia nini.

Nilipochambua karai lile nilikuta mambo mawili yaliyonisikitisha. Sharubati ilikuwa imehukumiwa kwa sababu ya E330, ambayo ni asidi ya sitriki, uchachu uleule wa ndimu, unaotengenezwa viwandani kwa kuvundika sukari kwa kuvu. Na juu ya meza, nje ya karai, ilikuwapo keki ya kukunja ya stroberi kutoka ng'ambo, iliyonunuliwa duka moja karibu na Marikiti, ambayo shangazi aliiona salama kwa kuwa mbele yake pameandikwa kwamba rangi yake ni ya asili. Keki hiyo ndiyo iliyokuwa na la kuulizwa.

Kabla ya kuifungua, tuelewane juu ya maneno machache. Kiambato ni kila kitu kilichotiwa katika chakula kikabaki humo, kuanzia unga na sukari hadi chumvi. Kiongezi ni kiambato kinachotiwa kwa kiasi kidogo ili kifanye kazi fulani, kama kutia rangi, kuzuia ukungu au kushikamanisha mafuta na maji. Viongezi vilivyokubaliwa hupewa namba. Herufi E mbele ya namba inaonyesha orodha ya Ulaya, na herufi INS zinaonyesha orodha ya kimataifa, lakini tarakimu kwa kawaida ni zilezile, kwa hiyo E471 na INS 471 ni kitu kimoja. Ama halali na haramu kila mmoja anazijua. Neno litakalotufaa zaidi hapa ni la tatu, mashbuhu, yaani kilicho katikati, ambacho hukumu yake haijulikani mpaka asili yake ijulikane. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake pana mambo yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui. Viongezi vingi vinavyozua mabishano vimo katika fungu hilo la tatu.

Kosa la ujumbe wa simu linaanzia hapa. Namba inataja kitu na kazi yake, haitaji kilikotoka. Ni kama kumwambia mtu kwamba mchuzi una mafuta. Umemwambia kweli, lakini hujamwambia kama ni ya nazi, ya ufuta au ya mnyama, na hilo ndilo alilotaka kulijua.

Sasa tuisome keki. Orodha iliyokuwa mgongoni mwake, nikiiweka kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: sukari, unga wa ngano, mayai, krimu ya stroberi asilimia 18 (sukari, mafuta ya mawese, maji ya jibini yaliyokaushwa, jelatini, rangi E120), sharubati ya glukosi, mafuta ya mawese, kihifadhi unyevu E422, viunganishi E471 na E475, lesithini ya soya, alkoholi ya ethili, ladha, chumvi, asidi ya sitriki.

Mpangilio wa orodha si wa kubahatisha. Viambato huandikwa kwa uzito, kilicho kingi zaidi kwanza na kilicho kidogo mwisho, kwa hiyo hata bila kuona kipimo unaweza kukadiria kwamba E471 ni chache kuliko E422, na alkoholi ni chache kuliko lesithini. Mabano nayo yana maana yake. Krimu ni kiambato kilichotengenezwa kwa viambato vingine, na ndiyo sababu imefunguliwa na vilivyomo vikatajwa. Lakini kwa kanuni za kimataifa za lebo, kiambato cha namna hiyo kikiwa chini ya asilimia 5 ya chakula chote, mtengenezaji halazimiki kukifungua, isipokuwa kutaja viongezi vinavyoendelea kufanya kazi katika chakula kilichokamilika na vitu vinavyojulikana kuleta mzio, kama maziwa. Kama krimu hii ingekuwa asilimia 4, huenda tungesoma maneno mawili tu, krimu ya stroberi, na hatungejua kwamba ndani yake imo jelatini.

Vilivyo vingi katika orodha hii havina utata. Sukari, unga, mayai, mawese na chumvi vinajieleza. Lesithini imetajwa asili yake, soya, na laiti kila mtengenezaji angefanya hivyo makala haya yasingekuwa na kazi. Kuna viongezi vingine pia ambavyo haviko katika keki hii lakini watu huviogopa bure: pektini, E440, inayogandisha jamu, hutolewa katika maganda ya machungwa na mabaki ya tofaha, agari, E406, na karajini, E407, hutolewa katika mwani, ule mwani unaolimwa hata katika pwani yetu ya kusini, na E300 ni vitamini C.

Tuje kwenye E471, maana hiyo ndiyo iliyolitia boflo karaini. Mafuta ya kula, yawe ya mawese, ya ng'ombe au ya nguruwe, yameundwa kwa namna moja. Chukua mfano wa uma wenye meno matatu: mpini ni gliseroli, na kila jino ni asidi ya mafuta. Kiwandani mafuta hupashwa moto pamoja na gliseroli zaidi, meno yakahama kutoka uma mmoja hadi mwingine, na matokeo yake ni uma zenye jino moja au mawili. Hizo ndizo mono na digliseridi, au E471. Upande wenye jino hupenda mafuta na upande ulio wazi hupenda maji, kwa hiyo hukaa katikati na kuvishikamanisha. Katika mkate hufanya kazi nyingine pia, ya kujishika na wanga ili mkate usikauke upesi, na kwa kazi hiyo kiasi chake huwa chini ya asilimia moja ya unga.

Uma uliotokana na mawese na uma uliotokana na nguruwe hufanana mno ukishafika katika hali hiyo, na hakuna ulimi utakaoweza kuutofautisha. Kwa hiyo anayesema E471 ni nguruwe amekosea, na anayesema E471 ni halali kwa kuwa viwanda vingi hutumia mawese naye amekosea, ingawa kosa lake ni dogo zaidi. Ni kweli kwamba mawese ni rahisi na yamejaa sokoni, na kwa bidhaa zinazotengenezwa katika nchi zinazotegemea mawese dhana njema ina msingi. Lakini dhana haigeuki kuwa elimu. E475 na jamii ya E472 zina hukumu ileile kwa sababu zimejengwa juu ya asidi zilezile za mafuta. Na E422 ndiyo gliseroli yenyewe, ule mpini wa uma, ambao unaweza kutoka katika mafuta ya mimea, ya wanyama, au ukatengenezwa kwa kemikali za petroli.

Dalili inayoitoa E471 katika mashbuhu ni maneno madogo yanayoweza kuwa pembeni yake, kwamba ni ya asili ya mimea. Yatafute. Wakati mwingine yamo katika lugha moja ya pakiti na hayamo katika nyingine, na wakati mwingine mwagizaji amebandika karatasi yake ya Kiingereza juu ya orodha ya awali, akaifupisha ili itoshe. Nimewahi kuibandua karatasi ya namna hiyo kwenye pakiti ya biskuti nikakuta chini yake maneno ya mimea yaliyoachwa juu. Nimewahi pia kukuta kinyume chake, na hilo lilinifunza kutoamini kibandiko pekee.

Dalili ya pili huwafaa sana wakazi wa Mombasa, kwa kuwa maduka yetu yamejaa bidhaa za India. Sheria za nchi hiyo zinataka kila chakula cha pakiti kionyeshe kama ni cha wasiokula nyama, kwa nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani, au kama kina kitu cha mnyama, kwa alama ya rangi ya kahawia. Maziwa na asali vinaruhusiwa chini ya kijani. Nyama, mayai, mafuta ya mnyama na jelatini haviruhusiwi. Kwa hiyo E471 iliyo kwenye pakiti yenye nukta ya kijani haikutoka kwa nguruwe wala kwa ng'ombe asiyechinjwa kisharia. Lakini nukta hiyo haikusema neno kuhusu pombe. Keki iliyotiwa mvinyo inaweza kuvaa kijani bila kuvunja sheria yoyote, na hapa ndipo wanapoteleza wengi wanaoichukua nukta kuwa ni alama ya halali.

Keki yetu haikuwa ya India na haikuwa na nukta. E471, E475 na E422 zake zilibaki mashbuhu kwa muda, nikaendelea na krimu.

Jelatini shangazi anaijua bila kujua kwamba anaijua. Akichemsha makongoro usiku na kuyaacha, asubuhi huikuta supu imeganda ikitikisika sufuriani; kile kilichoigandisha ni jelatini, iliyotoka katika ngozi, kano na mifupa kwa moto wa maji. Kiwandani ni kazi hiyohiyo kwa kiasi kikubwa. Ngozi ya nguruwe hulowekwa katika asidi kwa siku moja au mbili tu na inakuwa tayari kuchemshwa, ilhali ngozi na mifupa ya ng'ombe ikitengenezwa kwa njia ya chokaa hukaa wiki kadhaa. Tofauti hiyo ya muda ni pesa, na ni sababu mojawapo ya jelatini ya nguruwe kuenea sana katika peremende laini na krimu za Ulaya. Jelatini haitoki katika mmea hata siku moja. Pakiti ikisema jelatini ya mimea, ina maana kwamba limetumika kitu kingine kinachogandisha, kama agari au pektini, kikaitwa kwa jina la kuazima.

Kwa hiyo mbele ya neno jelatini lililo peke yake kuna maswali mawili, si moja. La kwanza ni mnyama gani. La pili, linalosahauliwa, ni kama alichinjwa. Watu wengi hutulia wanaposoma jelatini ya ng'ombe, kana kwamba kila kilicho cha ng'ombe ni halali, wakati wao wenyewe wasingekubali nyama ya ng'ombe huyo buchani bila kujua kisu kilichopita. Jelatini ya samaki huepuka maswali yote mawili, kwa sababu samaki hahitaji kuchinjwa.

Wapo wanachuoni wa zama hizi wanaosema kwamba ngozi iliyogeuzwa kuwa jelatini imebadilika kabisa, kama chumvi isivyo tena maji ya bahari, na kwa hiyo hukumu ya asili yake imeondoka. Jambo hili huitwa istihala. Lakini madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, yamebana sana mlango huo: mvinyo uliogeuka siki wenyewe husafika, na ngozi ya mnyama mfu husafika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe, na hata hiyo iliyosafika si lazima iwe ya kuliwa. Jelatini haiingii humo kwa urahisi. Mwenye kutaka kufuata rai nyingine na amuulize maalim wake, si mimi, wala si ujumbe wa simu.

Maji ya jibini niyapitie haraka. Maziwa hugandishwa kuwa jibini kwa kimeng'enya kiitwacho reneti, ambacho kiasili hutoka katika tumbo la ndama, ingawa siku hizi kingi hutengenezwa kwa vijidudu. Maneno reneti ya vijidudu kwenye lebo ya jibini yanamaliza swali. Katika keki, ambako maji ya jibini ni kiambato cha kiambato, karibu hutayaona maneno hayo.

E120 sasa, ile rangi ya asili iliyomridhisha shangazi. Jina lake ni karmini, na huandikwa pia kochinili au asidi ya karminiki. Hutoka kwa mdudu mdogo anayeishi juu ya mpungate huko Amerika ya Kusini, hasa Peru. Majike hukusanywa, hukaushwa, hupondwa, na wekundu wao huchujwa. Ni ya asili kweli, hakuna aliyedanganya. Hapa pana kinyume ambacho watu hawakitarajii: rangi nyekundu ya kutengenezwa kwa kemikali, kama E129, ambayo akina mama huiogopa kwa sababu nyingine, haina mnyama ndani yake, ilhali ile inayosifiwa kuwa ya asili inaweza kuwa ni mdudu. Inaweza pia kuwa ni kiazisukari chekundu, E162, au maganda ya zabibu, E163, ndiyo maana neno asili halitoshi na namba ndiyo inayokata shauri. E120 ni mojawapo ya namba ambazo asili yake ni moja tu.

Hukumu yake nayo ina mjadala. Kauli inayojulikana kwa Mashafi ni kwamba wadudu hawaliwi, isipokuwa nzige. Hata hivyo Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ambayo nayo wengi wake ni Mashafi, lilitoa fatwa mwaka 2011 kuiruhusu rangi ya kochinili maadamu haidhuru, likimfananisha mdudu huyo na nzige kwa kuwa hana damu itiririkayo. Ninalitaja hili kwa sababu lina matokeo dukani: bidhaa yenye alama halisi ya halali kutoka nchi moja inaweza kuwa na kitu ambacho mthibitishaji wa nchi nyingine angekikataa, na wote wawili wasiwe wadanganyifu.

Tumebakiwa na pombe. Neno alkoholi katika kemia ni jina la ukoo mzima, na walio wengi katika ukoo huo hawalevyi. Sorbitoli, E420, na ksilitoli, E967, za peremende zisizo na sukari, ni alkoholi kwa jina, gliseroli pia. Aliyetupa dawa ya meno kwa sababu ya sorbitoli alitupa pesa zake. Anayelevya ni mmoja, etanoli, ambaye kwenye pakiti huitwa pia alkoholi ya ethili.

Inafanya nini katika keki? Baadhi ya viwanda, hasa vya Italia na jirani zake, huinyunyiza juu ya keki na mikate ya tamu iliyokwisha kuokwa, muda mfupi kabla ya kufunga pakiti, na mvuke wake uliofungiwa ndani huzuia ukungu kwa miezi. Unaweza kuijua kwa pua: fungua pakiti na unuse papo hapo, na utapata harufu kali kama ya spiriti inayopotea baada ya dakika chache. Keki ya stroberi ilikuwa nayo. Wale wanaosema pombe yote hukauka motoni hawana hoja hapa, kwa kuwa imeingia baada ya moto. Na hata inapoingia kabla, haikauki yote. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba pombe iliyochanganywa katika chakula kikapikwa nusu saa hubaki karibu theluthi yake.

Neno ladha lina pombe yake ya siri. Vanila iliyochujwa katika maganda yenyewe hutolewa kwa etanoli, na Marekani sheria inataka iwe na asilimia 35 au zaidi. Ukitia kijiko kimoja cha chai, mililita 5, katika kilo moja ya ugiligili wa keki, umetia karibu mililita 1.75 za etanoli, ambazo ni kama gramu 1.4, yaani asilimia 0.14 ya uzito kabla ya moto. Katika aiskrimu, isiyoonja moto, kiasi hicho hubaki. Vanila ya bei nafuu iliyozoeleka madukani mara nyingi ni vanilini ya kutengenezwa, iliyoyeyushwa katika maji au katika propilini glikoli, E1520, isiyo na etanoli. Asili imetuangusha tena. Na kiwanda kinaponunua ladha iliyokwisha kutengenezwa, kiyeyushi kilichokuja nayo mara nyingi hakiandikwi kabisa kwenye lebo ya keki.

Wanachuoni wametofautiana juu ya kiasi kidogo namna hii. Wapo wanaoshika hadithi kwamba kinacholevya kwa wingi wake, kichache chake ni haramu, wakakataa kila tone. Wapo wanaotenganisha etanoli iliyotoka katika viwanda vya ulevi na ile ya viwandani isiyokusudiwa kunywewa, wakaruhusu ya pili kama kiyeyushi kwa mpaka maalumu. Fatwa ya Indonesia ya 2018 iliweka mpaka wa chini ya asilimia 0.5 kwa vinywaji. Lakini wote hukutana katika jambo moja: kinywaji cha ulevi chenyewe, kama ramu au mvinyo, kikitajwa katika orodha, hakuna asilimia inayokiokoa. Kwa hiyo tofautisha ladha ya ramu, ambayo ni ya kuuliziwa, na ramu asilimia 2, ambayo imejibu. Na siki isikutie hofu kwa kuwa ilipitia ulevi. Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa ni kitoweo bora, na sharti la Mashafi ni kwamba igeuke yenyewe bila kutiwa kitu cha kuigeuza.

Mafuta ya nguruwe yakitiwa waziwazi kama mafuta, kanuni za kimataifa zinamtaka mtengenezaji ayataje kwa jina na kumzuia kujificha nyuma ya neno mafuta ya mnyama. Kiingereza kina neno lake la herufi nne, lard, ambalo kila mnunuzi anafaa kulijua kwa sura. Yasiyotajwa ni yale yaliyosaidia kazi tu: mafuta ya kupaka trei, vimeng'enya vilivyozimwa na joto, kiyeyushi cha ladha. Hapo ndipo lebo inapofika mwisho wake, na hapo ndipo thamani ya cheti inapoonekana, kwa sababu mkaguzi wa halali huingia kiwandani na kufungua madaftari ya wauzaji wa viambato.

Ila cheti kina jina. Neno halali lililochapishwa kwa Kiarabu bila kutaja aliyethibitisha ni dai la muuzaji mwenyewe. Tafuta jina la taasisi, kama ile ya hapa Kenya iitwayo Kenya Bureau of Halal Certification, au ya nchi ilikotoka bidhaa, kisha uiulize taasisi hiyo kama bidhaa ile, si kampuni tu, imo katika orodha yake na kama cheti hakijaisha muda. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kibandiko cha bidhaa zilizoagizwa, vinahusu ubora na usalama; havikuchunguza uchinjaji. Nazo tarakimu 616 mwanzoni mwa mistari ya kusomwa na mashine zinaonyesha tu kwamba namba ile imesajiliwa Kenya.

Keki ya shangazi haikuwa na cheti chochote. Nilimwandikia mtengenezaji kwa anwani iliyokuwa kwenye pakiti, na sikumuuliza kama keki ni halali, kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa maneno matamu yasiyo na kitu. Niliuliza manne: asidi za mafuta za E471 na E475 zimetoka kwa mmea gani au mnyama gani, gliseroli vivyo hivyo, jelatini ni ya mnyama gani na ina cheti cha uchinjaji, ladha imeyeyushwa kwa nini. Nikaweka na namba ya toleo iliyopigwa muhuri karibu na tarehe, kwa sababu viwanda hubadilisha wauzaji na jibu la toleo moja si lazima liwe la jingine.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. E471, E475 na gliseroli zote zilitoka kwa mawese. Ladha iliyeyushwa kwa propilini glikoli. Jelatini ilikuwa ya nguruwe.

Shangazi aliusoma ujumbe ule mara mbili kwenye simu yangu. "Kwa hivyo ile namba nilokuwa naiogopa ndiyo ilokuwa safi," alisema, akaondoa boflo karaini na kulirudisha kabatini, na keki akaitia mahali pake.